Luhwindja: Namna ya kutambua mche wa avoka wa grefe mbele ya kulipa

Mkulima wa Luhwindja akinunua mbegu mbaya ya maharagi, anajua baada ya miezi mitatu. Akinunua mche wa avoka unaoitwa wa grefe lakini si wa grefe, au grefe ya aina ambayo hakuiomba, anajua baada ya miaka minne, mitano au zaidi. Wakati huo muuzaji amekwisha kuhama, mti umekwisha kufunika shamba kwa kivuli, na hakuna wa kumrudishia franka zake. Ndiyo maana kazi kubwa ya mtu anayetaka kupanda avoka inafanyika mbele ya kulipa, akiwa amesimama ndani ya pepinyeri, mche mkononi.

Katika cheferi hii ya teritware ya Mwenga, jimbo la Kivu Kusini, kosa la namna hiyo lina uzito. Mashamba yako kwenye miteremko, na hayaongezeki. Tangu mgodi wa Twangiza ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2011, sehemu ya milima ni ya mgodi, na kuna jamaa zilizohamishwa kutoka mahali walipokuwa wakilima. Mtu aliyebakiwa na kipande kimoja, akitoa mahali pa maharagi na mahindi ili apande miti, anauza chakula cha leo kwa matunda ya kesho. Anapaswa kujua ni matunda gani anayoyangojea.

Mbegu haifuati mama yake

Watu wengi wanaamini kwamba mbegu ya avoka tamu itazaa avoka tamu. Mti wa avoka hauko hivyo. Ua la avoka mara nyingi hupokea poleni kutoka mti mwingine, kwa hiyo kila mbegu ni mtoto mpya mwenye tabia zake. Mbegu kumi za tunda moja zinaweza kutoa miti kumi yenye matunda kumi tofauti: moja mazuri, mengine ya maji, mengine yenye nyuzi nyingi.

Historia ya avoka inayoitwa Hass inaonyesha jambo hilo. Katika miaka ya 1920, Rudolph Hass, mtu wa posta huko Kalifornia, alipanda mbegu ili apate miche ya kufanyia grefe ya Fuerte, aina iliyopendwa sana wakati ule. Kwenye mche mmoja grefe ilikataa kushika mara kadhaa, na mche ukaachwa ukue wenyewe. Matunda yake yakatokea kuwa mazuri kuliko Fuerte, na mwaka 1935 Hass akapewa hati ya serikali inayolinda aina yake. Miti yote ya Hass iliyoko duniani leo inatoka kwenye mti ule mmoja, kijiti kwa kijiti, kwa njia ya grefe. Aliyepanda mbegu ya tunda la Hass hakupanda Hass.

Grefe ni kuunganisha sehemu mbili. Chini kuna shina lililoota kutoka mbegu, lenye mizizi. Juu kunawekwa kijiti kilichokatwa kwenye mti mama ambao matunda yake yanajulikana. Shina la chini linaleta mizizi na nguvu ya kukaa katika udongo, kijiti cha juu kinaleta tunda. Faida ya pili ni wakati. Kijiti kinatoka kwenye mti uliokwisha kukomaa, kwa hiyo mti wa grefe ukitunzwa vizuri huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, wakati ule wa mbegu unaweza kuchukua miaka sita, minane, hata zaidi.

Kwa hiyo mnunuzi ana maswali matatu ya kujibiwa. Je, mche huu umefanyiwa grefe kweli? Kijiti cha juu kimetoka kwenye mti gani? Na shina la chini, pamoja na mizizi yake, ni zima?

Kuanza na mti mama

Miche mingi inauzwa kandokando ya barabara na sokoni, na muuzaji mara nyingi si yeye aliyeitengeneza. Hata akiwa mtu mwaminifu, hawezi kujibu swali la pili. Njia ya kwanza ya kujikinga ni kununua ndani ya pepinyeri yenyewe, mahali ambapo anayefanya grefe yupo na miti yake ipo.

Kwa mtu wa Luhwindja, kuuliza kunaweza kuanzia kwa agronoma wa cheferi. Kiisha kuna SENASEM, huduma ya taifa ya mbegu, ambayo kazi yake ni kukagua na kuthibitisha mbegu na miche. Mnunuzi anaweza kuwauliza kama pepinyeri fulani inajulikana kwao na ilikaguliwa mara ya mwisho lini. Kuna pia kituo cha utafiti cha INERA kule Mulungu, teritware ya Kabare, kaskazini ya Bukavu, ambako wanaagronoma wanaweza kushauri juu ya aina zinazofaa kwa milima. Pepinyeri ikisema ina karatasi ya ukaguzi, iombwe ionekane, na tarehe yake isomwe. Karatasi ya miaka mingi iliyopita haisemi lolote juu ya miche ya mwaka huu.

Ndani ya pepinyeri, swali la kwanza linaulizwa kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka: "Papa, mti mama uko wapi?" Mtu wa kazi atampeleka mgeni mpaka kwenye mti, au atasema wazi kwamba vijiti vilitoka mahali fulani, kwa fulani, tarehe fulani. Mti mama uonekane ukiwa na matunda kama ni majira yake. Kama si majira, kunabaki kuangalia afya yake. Mti mama wenye majani ya manjano, matawi yanayokauka kuanzia juu, au matunda yenye michirizi ya manjano, si wa kukatiwa vijiti.

Hesabu ndogo inasaidia pia. Mti mama mmoja mdogo hauwezi kutoa vijiti elfu kadhaa katika msimu mmoja. Kama kuna miche 3000 inayoitwa Hass na mti wa Hass ni mmoja wenye kimo cha mtu, vijiti vingine vimetoka mahali pengine, na muuzaji anapaswa kusema ni wapi.

Kwa miche inayovuka mpaka kutoka Rwanda au Burundi, kunahitajika kitu kingine: karatasi ya afya ya mimea kutoka nchi ilikotoka, na kupita kwa huduma ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV, kwenye mpaka. Watu wa Kivu wanajua vile ugonjwa unavyotembea na miche. Mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, na baadaye ukaenea hata Kivu Kusini. Machipukizi yaliyohamishwa kutoka shamba hadi shamba, pamoja na visu visivyosafishwa, vilikuwa kati ya njia zake.

Etiketi inasema nini

Etiketi nzuri ya mche wa avoka ina mambo matano: jina la aina ya juu, asili ya shina la chini, tarehe ya grefe, namba ya kundi, na jina la pepinyeri. Nyingi zina jambo la kwanza tu. Iliyoandikwa "Avoka grefe" peke yake haina faida, ni sawa na gunia lililoandikwa "chakula".

Mahali ilipofungwa panahesabiwa. Ikibandikwa kwenye sashe, itatupwa pamoja na sashe siku ya kupanda. Inapaswa kufungwa kwenye mche wenyewe, kwa kamba iliyolegea ili isikate shina likinenepa. Wino wa kalamu ya rangi hufutwa na jua na mvua, lakini maandishi ya kalamu ya risasi kwenye kipande cha plastiki kigumu hudumu zaidi.

Lakini hata etiketi iliyokamilika ni neno la muuzaji tu, mpaka ilinganishwe na kitu kingine. Kitu hicho ni daftari la pepinyeri. Mnunuzi achague yeye mwenyewe mche mmoja katikati ya safu, asome namba ya kundi, kisha aombe kuonyeshwa kundi hilo katika daftari. Daftari linapaswa kusema siku ya grefe, idadi iliyofanywa, iliyoshika, na mti mama uliokatwa. Tarehe ya etiketi ikipishana na ile ya daftari, au daftari likiwa halipo kabisa, anunue akijua kwamba jina lililo juu ya etiketi ni la kukisia.

Jambo hili lina maana kwa sababu mche wa Hass na ule wa Fuerte, vikiwa bado katika sashe, vinafanana machoni pa watu wengi. Tofauti inakuja baadaye. Tunda la Hass lina ngozi yenye vipele, na likiiva linageuka jeusi. Mnunuzi wa soko asiyelizoea anaweza kudhani limeoza. Fuerte lina ngozi laini na linabaki la kijani hata likiiva. Anayelima kwa ajili ya masoko ya Bukavu na anayelima akitumaini mnunuzi wa nje hawatafuti mche mmoja.

Kuna pia jambo la maua. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hujifunga, kisha kesho yake baada ya saa sita hufunguka likiwa dume. La Fuerte hufanya kinyume: huwa jike baada ya saa sita na dume asubuhi ya siku inayofuata. Aina hizi mbili zikikaa karibu, moja hutoa poleni wakati nyingine inaihitaji. Kwa kawaida mti mmoja wa Fuerte unatosha kwa miti tisa hivi ya Hass. Palipo na avoka nyingi za kienyeji karibu, hizo nazo huleta poleni. Lakini aliyepanga hivyo, akiuziwa etiketi za uongo, atakuwa na shamba tofauti na alilolipanga.

Kusoma kovu la grefe

Baada ya karatasi, mikono. Katika grefe ya kawaida ya avoka, shina la chini linakatwa kichwa, linapasuliwa katikati, na kijiti kilichochongwa kama kabari kinaingizwa katika ule mpasuko na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Kovu lake linabaki likionekana kwa muda mrefu: alama yenye umbo la V, au uvimbe mdogo, na mara nyingi rangi ya ganda ya juu si sawa na ya chini. Kovu liwe juu ya udongo kwa sentimita 20 mpaka 30. Likiwa chini sana, mvua inarushia udongo juu yake, na siku ya kupanda ni rahisi kulifukia.

Kuna udanganyifu au makosa matatu yanayoonekana hapa. La kwanza ni mche wa mbegu uliofungwa utepe tu. Muuzaji aombwe kufungua utepe wa mche mmoja. Ganda likiwa laini moja kwa moja kutoka chini mpaka juu, bila kovu, hakukuwa na grefe.

La pili linapatikana hata kwa wafanyakazi wa kweli. Kijiti kilikufa, shina la chini likatoa chipukizi, na chipukizi hilo likakua vizuri na kuonekana kama mche mzima. Alama yake ni kisiki kikavu kando ya shina, na tawi hai linaloanzia chini ya kovu. Tawi hilo ni la mbegu, haliwezi kuleta tunda lililoandikwa. Kanuni ni moja: kufuata kwa kidole kutoka jani la juu kabisa kushuka chini, na kuhakikisha kwamba kidole kinapita juu ya kovu mbele ya kufika kwenye udongo.

La tatu ni haraka. Kijiti kipya kinaweza kutoa majani madogo kwa nguvu iliyobaki ndani yake, hata kama hakijashikana na shina. Muuzaji mwenye haja ya franka anakiuza wiki chache baada ya kukata. Mche unafika Luhwindja juu ya moto, unatikiswa njiani, na baada ya siku kumi kijiti kimekauka. Mche uliokomaa umekwisha kutoa majani angalau mara mbili, na yale ya mwisho yamekuwa magumu na ya kijani. Ukiusukuma kwa kidole juu ya kovu, shina lote linapinda pamoja, halivunjiki wala halichezi mahali pa muungo.

Shina la chini, lile ambalo watu hawaulizi

Wanunuzi wanauliza jina la tunda, wachache wanauliza jina la mizizi. Lakini mti mwingi wa avoka unakufa kwa sababu ya mizizi. Adui mkubwa ni ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na fitoftora, kimelea cha udongo kinachopenda maji yaliyotuama. Mti mama wa Hass wenyewe kule Kalifornia ulikatwa mwaka 2002 baada ya kuuawa na ugonjwa wa mizizi wa aina hiyo.

Ukishaingia shambani hauondoki. Na katika Luhwindja, ambako shamba moja liko juu ya lingine, maji ya mvua yanauteremsha kwa jirani. Kwa hiyo anayeleta miche migonjwa haharibu shamba lake peke yake.

Katika nchi kama Afrika ya Kusini kuna mashina ya chini yaliyochaguliwa kwa kuvumilia ugonjwa huo, nayo yanazalishwa bila mbegu, kwa hiyo yana majina yake, kama Dusa. Ni kazi ngumu na ya bei. Katika pepinyeri za kawaida za huku, shina la chini linatoka kwenye mbegu ya avoka ya kienyeji. Hilo si baya, kwani mti wa kienyeji uliozeeka kwenye mlima wa baridi umeonyesha kwamba unaweza kukaa hapo. Lakini muuzaji akidai ana shina lenye jina la pekee, aulizwe alilipata wapi na kwa karatasi gani. Shina la mbegu halistahili kuuzwa kwa bei ya Dusa.

Kwa shina la mbegu, maswali ni mawili. Mbegu zilitoka kwenye mti gani? Jibu zuri linataja mti wenye nguvu, unaosimama mahali pasipo na ugonjwa, na matunda yaliyochumwa juu ya mti. Tunda lililookotwa chini limegusa udongo, na kimelea kinaweza kuwa kimeingia. Mbegu zilitayarishwa vipi? Pepinyeri makini huziweka katika maji ya moto ya digrii 49 au 50 kwa dakika 30, kisha huzipoza na kuzikausha kivulini. Chini ya hapo kimelea hakifi, na maji yakizidi joto hilo mbegu yenyewe inakufa, ndiyo maana kazi hii inahitaji kipima joto.

Macho yanaona mengine. Sashe zimewekwa juu ya changarawe au meza, au zimekaa ndani ya matope? Maji ya kumwagilia yanatoka kwenye chemchemi, au kwenye mto unaopita chini ya mashamba? Kisu kinasafishwa kati ya mche na mche? Pepinyeri iliyojaa matope inaweza kuuza miche ya kijani kizuri, kwa sababu mbolea na dawa zinaweza kuficha ugonjwa kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo njia ya mwisho ni kufungua sashe. Mizizi midogo ya avoka yenye afya ni myeupe au ya kahawia hafifu, na inapinda bila kukatika. Mizizi iliyooza ni myeusi na inavunjika kama kijiti kikavu, na mara nyingi majani ya mche huo yananyauka hata udongo ukiwa na maji. Mzizi mkubwa uwe umeshuka wima. Ukiwa umejikunja chini kama herufi J, au umezunguka sashe mara nyingi, mti utakua vibaya na unaweza kuanguka baadaye. Sashe yenye kina cha karibu sentimita 30 inapunguza tatizo hilo.

Mfano: miche ishirini

Tuseme mama mmoja wa Luhwindja anataka miti 20, akiipanda kwa umbali wa mita 7 kila upande. Inahitaji karibu mita 1000 za mraba, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Anaamua kuchukua Hass 18 na Fuerte 2, kwa sababu karibu naye hakuna avoka nyingine nyingi.

Safari yake ya kwanza haina franka za miche. Anakwenda kuona mti mama, daftari, na mahali sashe zinapokaa. Akiridhika, anapatana na mwenye pepinyeri mambo matatu: namba ya kundi atakalochukua, haki ya kuchagua mche mmoja mmoja, na haki ya kufungua sashe mbili ambazo atazilipa hata kama hazitapandwa. Kwa hiyo anahesabu bei ya miche 22. Mwenye pepinyeri akikataa kabisa sashe kufunguliwa hata kwa malipo, hilo nalo ni jibu.

Siku ya kuchukua, anaanza na zile mbili, moja kutoka katikati ya safu na nyingine kutoka mahali penye maji mengi, upande wa chini. Moja ikiwa na mizizi myeusi, haendelei kuchagua mizuri katika kundi lile. Miche ya kundi moja imeshirikiana udongo na maji, na ile inayoonekana mizima inaweza kuwa imechelewa tu kuonyesha. Analiacha kundi lote.

Mizizi ikiwa mizuri, anapita kwenye miche 20, kidole kutoka juu kushuka chini, na kuondoa kila mche usio na kovu, wenye tawi kuu linaloanzia chini ya kovu, au wenye majani mororo ya mara ya kwanza. Kisha anaomba faktire yenye jina la pepinyeri, tarehe, namba ya kundi, na maneno "Hass 18, Fuerte 2". Bila maneno hayo, baada ya miaka minne hana la kuonyesha.

Kama hapati pepinyeri ya kuaminika, kuna njia nyingine iliyo karibu zaidi. Katika vijiji vingi kuna mti mmoja wa avoka ambao watoto wote wanaujua kwa utamu na unaozaa kila mwaka. Kwa ruhusa ya mwenye mti, mtu wa grefe anaweza kukata vijiti vyenye unene wa kalamu, vilivyokomaa, vyenye macho yaliyovimba, kuondoa majani, kuvifunga katika gazeti lenye unyevu na sashe, na kuvitumia siku ile au mbili zinazofuata. Mti huo hauna jina la nje, lakini tunda lake limekwisha kuonjwa, na umekwisha kuzoea baridi ya mahali. Njia hii haifai kwa anayetafuta mnunuzi wa nje anayeomba Hass, lakini kwa anayelisha jamaa na kuuza sokoni inatosha.

Baada ya kufika nyumbani

Miche ikifika, inapumzika kivulini siku kadhaa mbele ya kupandwa mwanzoni mwa mvua. Haiwekwi bondeni ambako maji yanatuama, hata kama udongo wa huko ni mweusi na mzuri. Inapandwa kwa kina kile kile ilichokuwa nacho katika sashe, na kovu linabaki juu ya udongo. Utepe wa plastiki ukiwa bado upo, unakatwa muungo ukishakuwa mgumu, la sivyo unalinyonga shina likinenepa.

Katika miaka ya kwanza, kila chipukizi linalotoka chini ya kovu linaondolewa likiwa changa. Likiachwa, nguvu ya mizizi italifuata, na sehemu ya juu itadhoofika mpaka ife. Mti utabaki mzuri na wa kijani, lakini wa mbegu, na mwenye shamba atadhani alidanganywa kwenye pepinyeri.

Etiketi nayo itapotea siku moja, hata ikiwa ya plastiki ngumu. Kwa hiyo siku ya kupanda, ramani ndogo inachorwa katika daftari la nyumbani: safu ya kwanza, mti wa kwanza, Hass, namba ya kundi, tarehe. Faktire inakunjwa ndani ya daftari hilo hilo. Tunda la kwanza likitoka, daftari ndilo litakaloonyesha kama ni lile lililonunuliwa, na kama mwaka unaofuata jirani aelekezwe kwenye pepinyeri ile au aambiwe aipite.